Muhtasari wa Matokeo ya Robo Mwaka kwa Bodi ya Wakurugenzi: Hatua kwa Hatua, kwa Mfano wa Ushirika wa Maziwa

Kila robo mwaka inapokwisha, mameneja na makarani wa hesabu wa vyama vya ushirika huku Nakuru huuliza maswali yale yale: niweke takwimu ngapi, nieleze vipi tofauti kati ya bajeti na hali halisi, na uamuzi niuombe kwa maneno gani? Wengi huishia kubandika hesabu zote za kurasa kumi na tano, na wakurugenzi, ambao wengi wao ni wafugaji waliokamua ng'ombe alfajiri kabla ya kupanda matatu ya kuja mkutanoni, hutumia saa mbili kujadili bei ya karatasi za ofisini.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni ushirika wa maziwa wa upande wa Njoro, unaopokea maziwa ya wanachama, kuyapoza na kuyauza kwa kiwanda kimoja. Ushirika wenyewe ni wa kubuni na takwimu zake ni za mfano, ila zimepangwa zilingane ili uweze kuzirudia kwa kikokotoo. Aliye Kisumu au Kakamega na anayeshughulika na miwa aweke tani mahali pa lita, kwani njia haibadiliki.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Urari wa hesabu wa tarehe 31 Machi, uliokwisha kulinganishwa na taarifa ya benki.
- Bajeti iliyoidhinishwa, ikiwa imegawanywa kwa miezi.
- Rejista ya kupokea maziwa, pamoja na stakabadhi za kiwanda zinazoonyesha lita zilizokubaliwa.
- Orodha ya wanaotudai na tunaowadai, kila deni likiwa na tarehe yake ya kulipwa.
- Kumbukumbu za mkutano uliopita wa bodi, hasa maazimio ambayo ulitakiwa kuyatekeleza.

Panga tarehe ukianzia mwisho. Mkutano wa mfano wetu ni tarehe 17 Aprili. Wakurugenzi wapate nyaraka siku saba kabla, yaani tarehe 10, na kwa hiyo hesabu zifungwe kufikia tarehe 7. Ukiona tarehe hizo haziwezekani, mwombe mwenyekiti mapema iwezekanavyo aahirishe mkutano, kwa sababu takwimu zinazogawiwa mlangoni asubuhi ya mkutano huwa hazisomwi na mtu.

Hatua ya 1: Hakikisha kila shilingi iko katika robo yake

Kabla ya kulinganisha chochote na bajeti, pitia bili zilizolipwa mwezi wa kwanza wa robo na zile zilizofika baada ya robo kwisha. Katika mfano wetu, bili ya umeme ya Desemba, Sh 130,000, ilifika Januari na ikaandikwa kama matumizi ya Januari. Ikiwa hesabu za mwaka uliopita bado hazijafungwa, irudishe Desemba. Ikiwa zimekwisha kukaguliwa, iache ilipo lakini uitaje wazi katika maelezo, maana vinginevyo bodi itadhani kituo cha kupozea kinakula umeme zaidi ya kawaida. Fanya vivyo hivyo upande wa pili: dizeli iliyochukuliwa kwa mkopo mwezi wa Machi ni matumizi ya Machi hata kama muuzaji ataleta ankara yake Aprili.

Hatua ya 2: Chagua takwimu tano za juu

Takwimu za juu ni zile ambazo mkurugenzi akizijua peke yake anaweza kusema kama robo ilikuwa nzuri au mbaya, na kwa nini. Ushirika wa maziwa unaishi kwa lita na kwa kile kinachobaki kwa kila lita baada ya mkulima kulipwa, kwa hiyo hizo mbili zitangulie shilingi za jumla.

| Kipimo, Januari hadi Machi | Bajeti | Halisi | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Lita zilizouzwa | 900,000 | 810,000 | −90,000 |
| Faida ghafi kwa lita (Sh) | 9 | 8 | −1 |
| Faida ghafi (Sh) | 8,100,000 | 6,480,000 | −1,620,000 |
| Matumizi ya uendeshaji (Sh) | 5,400,000 | 5,950,000 | −550,000 |
| Ziada (Sh) | 2,700,000 | 530,000 | −2,170,000 |

Chini ya jedwali weka mstari mmoja wa fedha zilizoko benki tarehe 31 Machi, Sh 3,800,000. Tutaurudia.

Onyo: amua mara moja maana ya alama ya kutoa. Katika jedwali hili, alama hiyo daima ina maana kwamba hali ni mbaya kwa ushirika kuliko bajeti, na ndiyo maana matumizi yaliyozidi yamewekewa alama ya kutoa ingawa kiasi chenyewe kimepanda. Ukiwa na mstari ambamo kutoa ni vizuri na mwingine ambamo ni vibaya, mkutano utapotelea hapo. Andika kanuni yako kwa sentensi moja chini ya jedwali na usiibadilishe robo ijayo.

Hatua ya 3: Tenganisha tofauti ya kiasi na tofauti ya bei

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo mihtasari mingi inapokwama. Sentensi kama «mapato yalipungua kwa sababu ya ukame» inaweza kuwa kweli na bado ikaficha nusu ya jambo.

Anza na mauzo. Bajeti ilikuwa lita 900,000 kwa Sh 52, yaani Sh 46,800,000. Hali halisi ni lita 810,000 kwa Sh 54, yaani Sh 43,740,000. Mapato yamepungua kwa Sh 3,060,000, lakini ndani ya tofauti hiyo kuna mambo mawili yanayovutana. Lita zilizokosekana ni 90,000, na kwa bei ya bajeti zilituondolea Sh 4,680,000. Bei ilipanda kwa shilingi mbili, na kwa lita tulizouza kweli ilituongezea Sh 1,620,000. Toa moja kwa nyingine na utapata Sh 3,060,000 kamili.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa malipo ya wakulima. Bajeti ilikuwa Sh 43 kwa lita, jumla Sh 38,700,000. Tulilipa Sh 46 kwa lita, jumla Sh 37,260,000. Ukitazama jumla peke yake utaandika kwamba tuliokoa Sh 1,440,000 na bodi itapiga makofi. Ukweli ni kwamba matumizi yalipungua kwa Sh 3,870,000 kwa sababu maziwa yalikuwa machache, kisha yakaongezeka kwa Sh 2,430,000 kwa sababu tulimwongezea mkulima shilingi tatu kwa kila lita.

Ukiunganisha pande hizo mbili, unapata habari kuu ya robo nzima. Kiwanda kiliongeza shilingi mbili, sisi tukaongeza tatu, na shilingi moja ya tofauti ikatoka katika faida yetu. Faida ghafi ilipungua kwa Sh 1,620,000: nusu yake, Sh 810,000, ilitokana na lita 90,000 zilizokosekana, kila moja ikiwa na faida ya Sh 9, nusu ya pili, Sh 810,000, ilitokana na ile shilingi moja iliyopotea kwa kila lita kati ya 810,000 zilizouzwa. Kiangazi cha Januari hadi Machi kilikausha nepia na kupunguza maziwa, na hilo hakuna aliyeweza kulizuia. Nusu ya pili ni uamuzi uliofanywa mezani. Huenda ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu bila ile nyongeza wanachama wangewauzia wachuuzi wa pikipiki wanaolipa papo hapo, lakini bodi inastahili kujua gharama yake.

Katika lahajedwali, weka bajeti katika safu ya B na hali halisi katika safu ya C, lita zikiwa mstari wa 2 na bei mstari wa 3:

```
=(C2-B2)*B3
=(C3-B3)*C2
```

Fomula ya kwanza inatoa athari ya kiasi na ya pili athari ya bei. Kwa mauzo zitumie kama zilivyo. Kwa malipo ya wakulima geuza alama za majibu, kwa kuwa pale kupanda ni kubaya.

Onyo: kosa linalojirudia ni kuzidisha mabadiliko ya bei kwa lita za bajeti. Shilingi mbili mara 900,000 ni Sh 1,800,000, na ukiijumlisha na athari ya kiasi utapata upungufu wa Sh 2,880,000 badala ya 3,060,000. Zile Sh 180,000 zinazokosekana ni lita 90,000 ambazo hukuuza, zikizidishwa kwa nyongeza ya shilingi mbili ambayo hukuipata. Ukiona hesabu haifungi kwa kiasi cha namna hiyo, tatizo ni hilo.

Hatua ya 4: Eleza matumizi yaliyozidi, na useme kama yataendelea

Usieleze kila mstari. Weka kiwango, kwa mfano tofauti inayozidi asilimia 10 na pia inayozidi Sh 100,000, na mingine iache katika hesabu kamili zinazoambatishwa. Kwa kiwango hicho, usafiri uliotoka Sh 2,100,000 hadi 2,200,000 hauingii, mishahara iliyobaki Sh 1,600,000 haiingii, wala matumizi mengine yaliyopanda kwa Sh 50,000. Unaobaki ni mstari mmoja tu: umeme na dizeli ya jenereta, uliotoka Sh 900,000 hadi 1,300,000.

Kwa kila tofauti unayoieleza, andika sababu, shilingi zake na hatima yake. Hatima ni mojawapo ya tatu: itajirekebisha yenyewe, ilitokea mara moja tu, au itaendelea hadi tuchukue hatua. Maelezo ya mfano wetu yanaweza kusomeka hivi:

«Umeme na dizeli vilizidi bajeti kwa Sh 400,000. Kati ya hizo, Sh 130,000 ni bili ya Desemba iliyofika Januari, na haitajirudia. Sh 270,000 ni dizeli ya jenereta iliyotumika umeme ulipokatika, na itaendelea kwa takriban Sh 90,000 kwa mwezi iwapo hali ya umeme haitabadilika.»

Sentensi tatu hizo zinatosha. Mkurugenzi anayetaka kuona kumbukumbu za saa za jenereta ataziomba, nawe uwe nazo katika faili.

Hatua ya 5: Tofautisha ziada na fedha taslimu

Ushirika wetu una ziada ya Sh 530,000 na bado hauwezi kuwalipa wakulima maziwa ya Machi kwa wakati. Wakurugenzi wengi huona jambo hili kama mchezo wa wahasibu, kwa hiyo lioneshe kwa tarehe badala ya kulieleza kwa nadharia.

Maziwa ya Machi yalikuwa lita 260,000. Wakulima wanatudai Sh 11,960,000, zinazotakiwa kulipwa tarehe 20 Aprili. Kiwanda kitatulipa maziwa hayo hayo Sh 14,040,000, lakini tarehe 30 Aprili. Zaidi ya hayo, kiwanda bado kina deni la Februari la Sh 4,200,000 ambalo lilipaswa kulipwa kabla ya mwisho wa Machi. Benki tuna Sh 3,800,000. Kwa hiyo, deni la Februari likiingia kabla ya tarehe 20, tutapungukiwa Sh 3,960,000 kwa siku kumi; lisipoingia, upungufu ni Sh 8,160,000. Andika hali zote mbili. Ukiandika ile nzuri peke yake, unaiacha bodi iamue ikiwa imefumba jicho moja.

Hatua ya 6: Andika maombi ya uamuzi kama maazimio kamili

Bodi haiwezi kuidhinisha «suala la mtiririko wa fedha». Inaidhinisha kiasi, kwa muda fulani, kwa jukumu la mtu fulani. Andika kila ombi kwa namna ambayo katibu ataweza kulinakili katika kumbukumbu bila kubadilisha neno.

Ombi la kwanza: «Bodi inaombwa kuidhinisha ovadrafti isiyozidi Sh 4,500,000 kuanzia tarehe 20 Aprili hadi tarehe 15 Mei, kwa ajili ya malipo ya maziwa ya Machi peke yake, na kumwagiza meneja kufuatilia deni la Februari na kutoa taarifa kwa mwenyekiti kufikia tarehe 18 Aprili.»

Chini yake weka gharama. Kwa riba ya mfano ya asilimia 16 kwa mwaka, Sh 4,000,000 kwa siku kumi zinagharimu takriban Sh 17,500. Weka pia njia mbadala, ambayo ni kuwalipa wakulima sehemu tarehe 20 na salio tarehe 30, na useme unapendekeza ipi. Kabla ya kuliweka ombi hili mezani, thibitisha kwamba mkopo huo hauvuki kikomo cha madeni kilichowekwa na mkutano mkuu wa wanachama, kwa sababu bodi haina mamlaka ya kuuvuka.

Ombi la pili linahusu bei ya mkulima kuanzia tarehe 1 Mei. Mvua za masika zikishanyesha maziwa huongezeka na bei ya kiwanda huelekea kushuka. Tukikadiria lita 660,000 kwa Mei na Juni, kiwanda kikirudi Sh 52, na matumizi ya miezi hiyo miwili yakibaki Sh 3,880,000 (kiwango cha robo iliyopita bila bili ya Desemba), bodi ina chaguo tatu. Kubaki Sh 46 kunaacha ziada ya Sh 80,000. Kushuka hadi Sh 45 kunaacha Sh 740,000. Kushuka hadi Sh 44 kunaacha Sh 1,400,000. Kila shilingi ina thamani ya Sh 660,000, na hiyo ndiyo takwimu ambayo wakurugenzi watashika vichwani wakati wa mjadala.

Toa pendekezo lako na sababu yake. Meneja anayeorodhesha chaguo tatu na kukaa kimya huonekana mwenye adabu, lakini bodi itamuuliza tu, na majibu ya papo hapo huwa dhaifu kuliko yale yaliyoandikwa. Hapa mimi ningependekeza Sh 45: Sh 46 haiachi nafasi hata jenereta ikiharibika, na kushusha shilingi mbili kwa pigo moja kunaweza kuwasukuma wanachama kwa wachuuzi, na hapo zile lita 660,000 hazitafika.

Onyo: maombi yasizidi matatu. Mambo ambayo bodi inatakiwa kuyajua tu yaweke mbali na maombi, la sivyo mjadala utaanzia kwenye yale yasiyohitaji uamuzi.

Hatua ya 7: Panga kurasa mbili

Ukurasa wa kwanza uwe na sentensi tatu za ufunguzi, jedwali la takwimu tano, mstari wa fedha na maazimio yanayoombwa. Naam, maombi yatangulie maelezo, ili msomaji ajue anasoma kwa ajili gani. Ukurasa wa pili uwe na tofauti na sababu zake, hali ya fedha kwa tarehe, na orodha fupi ya maazimio ya robo iliyopita, kila moja likiwa na neno «limetekelezwa» au «halijatekelezwa» na sababu. Hesabu kamili ziambatishwe nyuma.

Andika sentensi tatu za ufunguzi mwisho kabisa. Kwa mfano wetu: «Ziada ya robo ni Sh 530,000 dhidi ya bajeti ya Sh 2,700,000. Faida ghafi ilipungua kwa Sh 1,620,000, nusu kwa upungufu wa maziwa na nusu kwa nyongeza ya bei ya mkulima, na matumizi yalizidi kwa Sh 550,000. Bodi inaombwa kuamua kuhusu ovadrafti na kuhusu bei ya kuanzia Mei.»

Mambo yakienda kombo

*Lita zilizonunuliwa hazilingani na zilizouzwa.* Kabla ya kumshuku mtu, angalia vipimo. Vituo vingi hupima maziwa kwa mizani, kwa kilo, ilhali kiwanda kinalipa kwa lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo lita 810,000 ni takriban kilo 834,300. Ukiziandika kilo hizo kama lita, utaona «hasara» ya lita 24,300 ambayo haikutokea. Gawanya kilo kwa 1.03, kisha kinachobaki ndicho kilichomwagika, kilichokataliwa au kilichopotea kweli.

*Tofauti ni kubwa kila robo ya kwanza na inatoweka robo ya pili.* Bajeti yako iligawanywa kwa nne bila kujali majira. Lita 3,600,000 za mwaka haziji 900,000 kila robo, kwa hiyo hakikisha kwanza namna bajeti ilivyogawanywa kabla ya kulaumu ukame. Usibadilishe bajeti iliyoidhinishwa katikati ya mwaka. Ongeza safu ya robo kama hiyo ya mwaka uliopita pembeni mwa jedwali, na urekebishe mgawanyo katika bajeti ijayo.

*Mkurugenzi anauliza swali ambalo huna jibu lake.* Sema kwamba utalijibu kwa maandishi, taja tarehe, na umwombe katibu aliandike katika kumbukumbu. Kubahatisha takwimu mkutanoni ni kujitengenezea tofauti ya robo ijayo.

*Umegundua kosa baada ya kutuma nyaraka.* Usitume faili jipya kimyakimya, kwa sababu wengine watakuwa wamechapisha la zamani. Tuma ukurasa mmoja wa marekebisho wenye takwimu ya awali, takwimu sahihi na sababu, na useme kama ombi lolote la uamuzi limeathirika. Kosa likigusa ombi, mpigie mwenyekiti simu siku hiyo hiyo, ili aamue kama jambo hilo libaki katika ajenda ya tarehe 17 au lisubiri.